Kina Kilichonisingizia Kitanda

Shangazi yangu alifariki ndani ya bajaji, saa nane na ushei usiku, njia panda moja huko Mbagala. Kabla ya hapo alinipigia simu mara tatu. Mimi nilikuwa Temeke, nimelala, simu iko juu ya meza na sauti nimeizima kwa sababu siku hiyo nilirudi kazini nimechoka. Nilipoamka alfajiri na kumpigia, akapokea mwanamume nisiyemjua. Ndiye dereva. Ndiye aliyenisimulia.

Nayasema haya mapema kwa sababu, wiki tatu baadaye, familia iliponiomba niandike shairi la kusomwa kwenye arobaini (mwandishi wa habari ukiwa nyumbani, kila hotuba na kila shairi ni lako), niliketi nikaandika ubeti huu:

*Shangazi umeondoka, umelala kitandani,*
*Sote tumekuzunguka, mkono u mkononi,*
*Dua zikamiminika, kwa utulivu nyumbani,*
*Pumzika kwa baraka, lala salama peponi.*

Ukihesabu mizani utakuta nane kwa nane, hakuna iliyopotea. Kina cha kati ni -ka, cha mwisho ni -ni. Nililimaliza kabla chai haijapoa. Nikalisoma tena, na ndipo nilipoona kwamba, ukiacha neno "umeondoka", hakuna nililosema kweli. Kitanda hakikuwepo. Hakuna aliyemzunguka. Dua hazikumiminika popote, maana sote tulikuwa tunakoroma.

Sasa swali ndilo hili: uongo ule niliutunga mimi, au ulitungwa na vina?

Jibu la haraka ni kwamba nilidanganya mimi, kina hakina ulimi. Lakini hebu tuziangalie silabi zenyewe. Kina cha -ni ni rahisi kuliko vyote katika Kiswahili, kwa sababu chukua jina la kitu, lipachike -ni, umepata mahali: nyumba inakuwa nyumbani, kitanda kitandani, mkono mkononi. Mtunzi aliyekwama haitafuti -ni, inamjia. Na inapomjia inamletea mahali pazuri, pa kawaida, ambapo watu hufia mashairini. Njia panda haimo, kwa sababu "njia panda" haiishii na -ni, na bajaji ukiiita "bajajini" watu watacheka msibani.

Kina cha -ka nacho kina hila yake, tena mbaya zaidi. Lugha yetu ina vitenzi vingi vya -ika na -uka ambavyo jambo linatokea lakini mtendaji haonekani. Kikombe kimevunjika, nani amekivunja? Haisemwi. Dua zilimiminika, nani alizimimina? Mtu mwenye hatia akitafuta kina, -ka inamfungulia mlango wa nyuma atoke bila kuonekana. Nami nilitoka.

Nilimpelekea baba mkubwa shairi lile. Yeye ni mtu wa mashairi ya zamani. Kitabu cha Amri Abedi cha sheria za kutunga, kile cha mwaka 1954, anacho mpaka leo, jalada limeshikwa kwa gundi ya karatasi. Alilisifu. Nilipomwambia kwamba linanikera kwa sababu limekaa vizuri mno, alinitazama kama mtu aliyelalamika kwamba chumvi imekolea.

Nikaanza upya. Kitu cha kwanza nilichoamua ni kwamba mizani siigusi. Ugomvi wa miaka ya sabini, baada ya Kezilahabi kutoa *Kichomi* mwaka 1974, ulikuwa juu ya kuacha vyote viwili, vina na mizani. Mimi sikutaka kuacha. Nilitaka mishororo ishikane, ila ishikane kwa vidole, si kwa gundi. Kwa hiyo nikatafuta vina vinavyokaribiana bila kufanana. Mimi naviita vina jirani.

Ukitaka kuvitumia katika Kiswahili, kwanza ujue kinachofunga ni nini. Maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu, na irabu ni tano tu. Kwa hiyo irabu peke yake haifungi kitu: "soma" na "kata" zote zinaishia na -a, na hakuna sikio litakalozioanisha, kwa sababu nusu ya vitenzi vyote ulivyowahi kuvisikia vinaishia hivyohivyo. Kazi lazima ifanywe na konsonanti. Ishike konsonanti ya silabi ya mwisho, uiache irabu itembee: simu, zima, sema. Hapo m inabaki inagonga mlango uleule huku sauti inayofuata inabadilika. Sikio linajua kuna kitu kimerudi, ila halijui ni nini hasa.

Mshairi Mwingereza Wilfred Owen, aliyeuawa vitani Novemba 4, 1918, wiki moja tu kabla ya vita kwisha, alifanya jambo la jamii hiyo kwa lugha yake. Alizibakiza konsonanti za mwanzo na za mwisho wa neno, akabadilisha irabu ya katikati. Kwake yeye neno linafungwa na konsonanti ya mwisho. Kwetu konsonanti ya mwisho haipo, ndiyo maana kuiga njia yake moja kwa moja hakufai.

Nikaandika hivi:

*Mara tatu ile simu, ikawaka peke yake,*
*Nami niliyeizima, nikalala hata kuche,*
*Dereva, mtu wa zamu, ndiye aliyemshika,*
*Sina neno la kusema, simu sasa haiwaki.*

Katikati kuna simu, izima, zamu, kusema. M haiondoki. Mwishoni kuna yake, kuche, aliyemshika, haiwaki: k inakuja, inateleza kidogo ikawa ch, inarudi. Hakuna mishororo miwili inayofungana barabara kotekote, na hakuna ulioachwa peke yake.

Halafu kuna vina vya ndani. Mtu anaweza kusema, mbona sisi tunavyo tangu zamani, kina cha kati si ndicho hicho? Sidhani. Kina cha kati kina kiti chake, mizani ya nane, ukwapi unapoishia. Msikilizaji anakisubiri kama abiria anavyosubiri kituo. Ni kina cha mwisho cha nusu mshororo. Kina cha ndani ninachokisema mimi hakina kiti. Tazama "ikawaka" katika mshororo wa kwanza, imekaa mwanzoni mwa utao ambako hakuna sheria inayoidai. Inarudi mwisho kabisa kama "haiwaki". Na "simu" iliyofunga kipande cha kwanza ndiyo inayofungua kipande cha mwisho. Ubeti unafungwa na vitu hivyo viwili, lakini msomaji haoni fundo.

Nilijivuna kidogo. Nikampelekea rafiki yangu mmoja anayehariri mashairi, naye akauliza swali moja: "Uliizima simu au sauti?" Maana simu iliyozimwa haiwaki mara tatu.

Nilikaa kimya. Ni kweli. Sikuizima simu. M ilikuwa imenivuta kwenye "niliyeizima" vilevile -ni ilivyonivuta kwenye kitanda, tofauti ni kwamba safari hii uongo ulinielekea mimi, na kujilaumu kupita kiasi nako kunapendeza mashairini. Kwa hiyo yule anayedhani kina kamili kinadanganya na kina jirani kinasema kweli, hapana. Kina jirani kinakupa tu nafasi zaidi ya kurekebisha. Nilibadilisha kipande: *Sauti niliizima.* Mizani nane, m bado ipo, na ndivyo ilivyokuwa. Katika ule ubeti wa kwanza nisingeweza; ukiondoa "kitandani" inabidi utafute -ni nyingine, na kila -ni ni mahali ambapo shangazi hakuwepo.

Baba mkubwa aliposoma la pili alisema neno moja: "Guni." Kwa wasiojua, guni ni shairi lenye kasoro ya vina au mizani, na kwa mtu wa rika lake hilo si neno dogo.

Nilijaribu kujitetea. Nikamwambia guni ni pale vina vinapolingana beti nzima halafu kimoja kikateleza kwa sababu mtunzi kachoka. Hapo sikio linajikwaa. Hapa vyote vimeteleza kwa kanuni moja, na mizani imesimama. Ukitaka kujua kama kanuni ipo, mpe mtu mwingine asome kwa sauti. Akirudi nyuma kusoma tena mshororo akidhani amekosea, umeharibu. Akipita tu, ila akapunguza mwendo, imekubali. Rafiki yangu alipita.

Akanijibu: "Shaaban Robert alimlilia Amina, mkewe, kwa vina kamili. Alikuwa anadanganya?"

Hilo sikulijibu, na mpaka leo sina jibu linaloniridhisha. Sidhani alikuwa anadanganya. Labda alikuwa na huzuni iliyo safi, na huzuni safi inakaa vizuri ndani ya umbo safi. Yangu ilikuwa na simu ndani yake. Na baba mkubwa alikuwa na hoja nyingine nzito kuliko zangu, ingawa aliisema kama vile anazungumzia viti: watu wa msibani wanataka kuitikia. Ukighani shairi lenye kibwagizo, ubeti wa pili tu umati umeshakijua, wanakibeba pamoja nawe. Kina kamili ni kitu kinachoshikwa na wengi. Vina vyangu jirani vinataka mtu mmoja, amekaa, anasikiliza. Nilikuwa nimeandika shairi ambalo halimpi mama mfiwa la kufanya.

Siku ya arobaini nililisoma la pili. Halikuitikiwa. Nilipofika "mtu wa zamu" nikasikia bibi mmoja nyuma akimuuliza mwenzake, "Dereva gani?" Sikuwa nimewaambia wengi. Wengi walijua amefia hospitali, basi. Nilipomaliza pakawa kimya, si kile kimya cha kusifia, ni kile cha watu wanaopanga upya jambo kichwani. Zile simu tatu nazo wakazijua hapo. Binamu yangu mmoja aliinuka akaenda uani, na hatukuzungumza kwa muda.

Baba mkubwa ndiye aliyevunja ukimya. "Huyo kijana namba yake unayo?"

Sikuwa nayo. Alizungumza nami kwa simu ya shangazi, akaikabidhi pale hospitali, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi tulikwenda wote wawili, mimi na yeye, kijiwe baada ya kijiwe huko Mbagala, tukiuliza bajaji iliyobeba mama mgonjwa usiku ule. Kijiwe cha nne wakatuambia yupo, anafanya zamu ya usiku, turudi jioni. Tukakaa kwenye benchi la muuza kahawa kusubiri. Baba mkubwa akanywa vikombe viwili kabla ya kunigeukia.

"Ila lile," akasema, "ni guni."