Neno Kali Katika Wino Mwekundu

Twauliza swali. Mtu akituandikia neno la kweli kwa ukali, je, ukali wake watupa ruhusa ya kulikataa? Wengi husema ndiyo, kwa kuwa asiye na adabu hastahili kusikilizwa. Lakini adabu ya msemaji ni jambo moja, na ukweli wa neno lake ni jambo la pili. Tena neno lililoandikwa lina faida hii, kwamba laweza kungoja mpaka moyo utulie.

Na tutazame habari ya kijana mmoja, mwanagenzi wa kazi ya ofisi huko Manzese, Dar es Salaam. Alitumwa kuandika taarifa juu ya nyumba zilizo kando ya mfereji, ambazo huingiwa na maji wakati wa masika. Akaandika rasimu ya kurasa 4, akampelekea msimamizi wake, naye akairudisha imejaa wino mwekundu. Penye maneno "watu wengi hupata taabu" mzee aliandika: "Wengi ni wangapi? Uliandika ukiwa usingizini?" Penye fungu la mwisho: "Upuuzi mtupu!" Na neno Ubungo alilikata, akaandika juu yake: "Kinondoni! Hujui hata mahali ulipo."

Kijana alitaka kujibu saa ile ile. Akajizuia, akaiweka rasimu hata kesho yake. Asubuhi akatwaa karatasi, akaigawa sehemu tatu. Katika ya kwanza alinakili kila neno la mzee kama lilivyo. Katika ya pili, kazi inayotakiwa na neno lile. Katika ya tatu, alivyoitenda. Mbele ya "ukiwa usingizini" hakupata la kuandika, maana hamna kazi ndani yake, akalipita. Lakini "Wengi ni wangapi?" lilikuwa na kazi kamili. Akarudi mferejini siku mbili, akabisha hodi nyumba kwa nyumba, kisha akaandika hivi: "Tulizuru nyumba 40 zilizo kando ya mfereji. Nyumba 26 ziliingiwa na maji masika haya, 9 hazikuingiwa, na katika 5 hatukukuta mtu. Nyumba zilizo mbali na mfereji hatukuzizuru." Sentensi ile ya mwisho yaonekana kama kujipunguzia sifa, kumbe ndiyo yenye nguvu, kwa sababu yamwonyesha msomaji mahali ujuzi wa mwandishi unapokoma.

Neno Kinondoni lilikuwa kosa la mzee mwenyewe. Zamani Manzese ilikuwa katika wilaya ile, lakini wilaya iligawanywa katika miaka ya 2015 na 2016, na Manzese ikawa upande wa Ubungo. Kijana hakulifuata sahihisho, wala hakulifurahia kosa la mkubwa wake. Aliliacha neno Ubungo, akaeleza sababu kwa mstari mmoja. Kutulia si kukubali kila kitu. Akubaliye lisilo kweli ili apendwe huiharibu kazi sawasawa na yule akataaye yote kwa hasira.

Likabaki "Upuuzi mtupu". Neno hili halikuonyesha kosa ni lipi, basi ilipasa kuuliza. Akaandika: "Shikamoo Mzee. Nimepokea masahihisho yako, nashukuru. Katika ukurasa wa 4, fungu la mwisho, sijalitambua kosa. Je, ni maneno yenyewe, au habari hii haipasi kuwamo?" Tazameni, hakujitetea, wala hakulitaja tusi, aliuliza jambo liwezalo kujibiwa kwa mstari mmoja. Jibu likaja: "Umeandika kuwa mfereji umeziba kwa uvivu wa wakazi. Nani alikuambia?"

Hapana aliyemwambia. Tena katika nyumba alizobisha hodi alikuwa amesikia kinyume chake: kwamba vijana wa mtaa huuzibua mfereji kila mwaka, na mvua huleta mchanga tena. Ndipo alipotambua kwamba yeye, aliyeumizwa na neno kali, alikuwa amewaandikia watu wa mfereji neno lililo kali zaidi, nao hawakuwa na kalamu ya kumjibu. Kama rasimu ile ingalipita, wakubwa wangalisoma uvivu mahali palipo mchanga, na wasingalileta msaada. Akalifuta fungu, akaandika habari ya mchanga.

Wahenga walisema, akufukuzaye hakwambii toka. Lakini aulizaye "wangapi?" hajamfukuza mtu, angali anangoja jibu. Ikiwa barua baada ya barua sehemu ya pili ya karatasi yabaki tupu, na matusi ndiyo yote yaliyomo, hilo si sahihisho tena. Hapo mtu na amwendee mkubwa wake ana kwa ana, aseme nalo kwa heshima, mbali na habari za rasimu. Na kabla ya kuhukumu wino wa mwingine, na apime kwanza wino wake mwenyewe umemwangukia nani.