Hoja Iliyonyoka Yaweza Kusimama Juu ya Uongo

Mara nyingi twasikia mtu akisema barazani: “Maneno yake yafuatana vizuri, kwa hiyo ni kweli.” Hapo twachanganya mambo mawili. Kufuatana kwa maneno ni jambo moja, na ukweli wa maneno ni jambo jingine.

Na tuanze na mfano mdogo. Mtu asema: “Ndege wote hutaga mayai. Popo ni ndege. Basi popo hutaga mayai.” Maneno mawili ya kwanza ndiyo misingi ya hoja, na la tatu ndilo mwisho wake. Je, mwisho huu wafuata? Naam, wafuata, kwa maana kama misingi yote miwili ingekuwa kweli, mwisho usingeweza kuwa uongo. Lakini popo si ndege. Ni mnyama, naye huzaa na kunyonyesha. Basi hoja hii imenyoka, ila msingi wake mmoja ni mbovu, kama ukuta uliopimwa kwa timazi lakini umejengwa juu ya mchanga.

Hoja iliyonyoka hutupa ahadi moja tu: ukitia kweli, utatoa kweli. Ukitia uongo haikuahidi kitu. Waweza kutoa uongo, kama hapo juu. Na pengine waweza kutoa kweli kwa bahati. Hilo la pili ndilo lidanganyalo watu wenye akili.

Tutazame habari ya malaria. Jina lenyewe latoka katika Kiitalia, na maana yake ni “hewa mbaya”. Watu wa zamani walisema: “Malaria huletwa na hewa ya mabwawani, wala haina njia nyingine. Nyumba iliyofungwa usiku haiingizi hewa hiyo. Basi walalao ndani yake hawapatwi na malaria humo.” Wakafunga madirisha, na kweli wengi wao waliugua kidogo kuliko wenzao. Wakadhani kwamba msingi wao umethibitika. Lakini mwaka 1897 tabibu Ronald Ross, akiwa Bara Hindi, aliona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Na mwaka 1898 mabingwa wa Italia walihakikisha kwamba mbu wa aina ya anofelesi ndiye ampaye mtu ugonjwa huo. Dirisha lililofungwa lilizuia mbu, wala si hewa. Mwisho mwema haukuwa ushahidi wa msingi.

Mtu aweza kuuliza: “Kama wamepona, kosa lina hasara gani?” Hasara yaonekana msingi ule ule utumiwapo mahali pengine. Tuseme watu wa kijiji cha mlimani wasema: “Malaria haina njia nyingine ila hewa ya mabwawani. Hewa hiyo haifiki kwetu. Basi hapa hakuna awezaye kuambukizwa.” Hoja imenyoka, na msingi wa pili ni kweli kabisa. Lakini mvua ikinyesha, maji hutuama katika nyayo za ng'ombe na katika mashimo ya kufyatulia matofali. Mbu hutaga humo, na baada ya siku 7 hadi 14 hivi mbu wapya huruka. Watoto huugua, na wazazi wao hawakujilinda.

Hapa hoja iliyonyoka yatupa msaada. Mwisho wake ukionekana kuwa uongo, twajua hakika kwamba angalau msingi mmoja ni uongo. Haituambii ni upi. Yatubidi kuupima kila mmoja. Wa pili umesimama. Basi ni ule wa kwanza ulioanguka.

Kosa hilo hilo huweza kumpata mtu asiye na hatia. Fedha zimepotea sandukuni, na wazee wanasema: “Sanduku halifunguki bila ufunguo. Ufunguo alikuwa nao mwekahazina peke yake. Basi yeye ndiye aliyelifungua.” Hakuna awezaye kuuvunja mfuatano huo, na mwekahazina amenyamaza kwa kukosa jibu. Lakini mzee mmoja aliinuka, akaligeuza sanduku, akaona misumari ya bawaba imeng'olewa na kurudishwa. Sanduku lilifunguka bila ufunguo! Mzee huyo hakubishana na mfuatano wa maneno. Alikwenda kuutazama msingi.

Kwa hiyo yatupasa kuuliza maswali mawili. La kwanza: je, misingi yaweza kuwa kweli na mwisho ukawa uongo? Hilo twaweza kulijibu tukiwa tumeketi. La pili: je, kila msingi ni kweli? Hilo mara nyingi halijibiwi kwa kuketi; sharti mtu ainuke, akaligeuze sanduku.