Mstari Uliokosekana kwenye Jedwali la Bei

Andiko alilopewa mama mmoja mwenye duka la mapazia, Mbagala Rangi Tatu, lilikuwa la kurasa nne. Lilichapwa vizuri, na jina la duka lake likawekwa juu kwa wino wa rangi. Ndani yake mlikuwa na jedwali lililolinganisha njia mbili za kupata tovuti. Ya kwanza ni kutengenezewa na fundi kwa shilingi 2,400,000, mara moja tu. Ya pili ni kujiunga na kampuni ya nje inayokupa kurasa zilizo tayari ukapanga picha na bei mwenyewe, kwa malipo yaliyokadiriwa kuwa shilingi 75,000 kila mwezi. Chini ya jedwali palikuwa na sentensi moja iliyokolezwa: baada ya miezi 32 tovuti ya fundi itakuwa imejilipa, na kuanzia hapo mama atakuwa anatumia bure.

Hesabu hiyo ukiipiga utaona ni sahihi. Nimelisoma andiko hilo zaidi ya mara moja na nakiri kwamba ningeletewa mimi siku ya biashara nzuri, huenda ningesaini palepale. Mtu yeyote anayelipa kodi ya fremu anajua uchungu wa kulipa kila mara kwa kitu ambacho hakitakuwa chako. Fundi alilijua hilo, na akaliandika: "Acha kupanga, miliki."

Dalili ya kwanza kwamba andiko lina kasoro ilikuwa katika neno "bure". Tovuti yoyote, hata iliyotengenezwa kwa ustadi gani, ina gharama mbili zisizokwisha: kuhuisha jina lake kila mwaka, na kulipia nafasi kwenye seva inakokaa. Ikiwa imejengwa kwa WordPress, kama hii ilivyokuwa, kuna ya tatu: mtu wa kusasisha programu na viambatisho vyake, maana vikizeeka wahalifu wa mtandaoni hupita humo. Jedwali halikuwa na hata mstari mmoja wa hayo. Mwaka wa pili ulipoanza, mama alitumiwa ankara ya shilingi 350,000 kwa vyote vitatu. Hebu tuirudie hesabu kwa miaka mitatu. Upande wa fundi ni 2,400,000 na ankara mbili za 350,000, jumla 3,100,000. Upande wa kujiunga, ambako seva na usasishaji vimo ndani ya malipo, ni 75,000 mara 36, yaani 2,700,000; ongeza ada ndogo ya jina, bado iko chini. Ile miezi 32 haikuwa na maana tena.

Hata hivyo si fedha iliyomuumiza zaidi. Siku ya kukabidhiana kazi, mama aliuliza kama kuna karatasi yoyote ya jina la tovuti anayopaswa kuitunza. Akajibiwa kwa upole, "Mama, hilo niachie mimi, ni mambo ya kitaalamu." Jibu hilo lilikuwa dalili ya pili, na ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Majina yanayoishia na .tz mwananchi huyanunua kupitia wasajili walioidhinishwa. Wakati wa kusajili, msajili huandika ni nani mwenye jina na barua pepe yake ni ipi. Aliyeandikwa hapo ndiye mwenye jina. Risiti ya fundi haina nguvu mbele ya kumbukumbu hiyo, hata kama fedha zilitoka mfukoni mwako.

Kuangalia hakuhitaji utaalamu. Mwenye kompyuta iliyo na programu ya whois huandika amri hii, akiweka jina la tovuti yake mahali pa mfano:

```
whois mfano.co.tz
```

Katika majibu, tafuta mstari wa `registrant`, kisha soma maelezo ya mwasiliani huyo ni ya nani. Mstari wa `registrar` unaonyesha msajili, na `expire` unaonyesha siku ambayo muda utakwisha. Mama alipokuja kuangaliziwa, aliyeandikwa kama mwenye jina alikuwa fundi, na barua pepe ilikuwa ya fundi. Maana yake ni kwamba taarifa za kukumbusha malipo zilikwenda kwake, na neno la siri la kuhamishia jina kwa msajili mwingine lingetumwa kwake pia. Fundi alikuwa amepata ajira mkoani na namba yake ikawa haipatikani. Sidhani alikusudia ubaya. Alisajili kwa akaunti yake kwa sababu ndiyo iliyokuwa wazi mbele yake siku ile, na mafundi wengi hufanya hivyo. Muda ulipokwisha hakuna aliyelipa, tovuti ikazimika, na barua pepe za duka zilizotumia jina hilo zikazimika nayo. Mifuko ya kufungia mapazia, iliyochapwa jina hilo, bado imejaa stoo.

Dalili ya tatu ilionekana kwenye mstari uliosema "malipo kwa simu: yamo". Mstari huo ndio uliomshawishi mama, kwa kuwa kampuni nyingi za nje za kujiunga hazina M-Pesa wala Airtel Money ndani ya mifumo yao ya malipo. Lakini ili tovuti ipokee fedha za simu na kuthibitisha yenyewe kwamba zimelipwa, duka linahitaji mkataba na kampuni ya kupokea malipo, kama Selcom, Pesapal au AzamPay. Mkataba huo una nyaraka zake, kuanzia TIN na leseni ya biashara, na una makato kwa kila muamala. Mama hakuwahi kuombwa hata nakala ya TIN, na hapo palitosha kumshtua. Kilichowekwa kilikuwa kitufe kinachofungua picha ya lipa namba. Picha hiyo ungeweza kuiweka kwenye ukurasa wowote, wa fundi au wa kujiunga. Na kusema kweli wateja wake hawakuhitaji zaidi ya hapo: mapazia hupimwa dirishani kwanza, bei hukubaliwa kwa WhatsApp, ndipo mtu hulipa.

Tusikimbilie basi kusema kampuni ya kujiunga ingemwokoa, maana huduma ya kampuni nayo huweza kuzimwa. Mwezi Machi 2024 Google ilizima tovuti za bure ambazo wafanyabiashara walizitengeneza kupitia wasifu wa biashara zao, zile zenye anwani iliyoishia na `business.site`. Hadi tarehe 10 Juni mwaka huo, aliyebofya anwani hiyo alipelekwa kwenye wasifu. Baada ya hapo hakufika popote. Aliyekuwa amenunua jina lake mwenyewe alilielekeza kwenye tovuti mpya. Aliyechapa anwani ya bure kwenye kadi na mabango alibaki nayo hivyohivyo. Hata anayelipia akiamua kuhama huweza kuondoka na picha na orodha ya bidhaa, ila mpangilio wa kurasa hubaki kwa kampuni.

Safari hii mama amesajili jina jingine akiwa na mwanawe wa kidato cha nne, kwa barua pepe yake mwenyewe na namba yake mwenyewe, kabla hajazungumza na fundi yeyote. Kisha akachukua ukurasa wa kujiunga wa bei ya chini wenye picha, vipimo, kitufe cha WhatsApp na lipa namba. Fundi aliyemsaidia kuelekeza jina kwenye ukurasa huo alipewa neno la siri la msajili kwa saa moja, na alipomaliza kazi mama akalibadilisha.