Kufupisha si Kupunja

Ama baada ya hayo. Jua, ewe ndugu msomaji, kuwa limerejea kwetu suala ambalo wazee waliokuwa wakisomesha misikitini walilijua sana, na leo limewafika vijana wetu walioko vyuo vikuu. Kijana huandika tasnifu ya shahada ya pili juu ya mambo ya fedha katika Uislamu, sura moja ikapita kipimo, wasimamizi wake wakamwambia: punguza thuluthi. Hapo huulizwa: ni kipi kikikatwa huwa ni kufupisha, na ni kipi kikikatwa huwa ni khiyana? Wengi hudhani kuwa hili ni jambo la kalamu tu. Sisi twasema ni jambo la amana. Katika maneno yanayohusu riba, neno moja likiondoka, halali yaweza kuonekana haramu, na haramu ikaonekana halali.

Wala kufupisha si jambo geni kwetu. Imam Rafii, aliyefariki mwaka 623 wa Hijra, aliandika Muharrari. Kisha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676, akakiona kitabu hicho kuwa ni kikubwa kwa watu wa zama zake kukihifadhi, akakifupisha kufikia kiasi cha nusu yake, na hiyo ndiyo Minhaji isomwayo na wanafunzi wa Kishafii mpaka leo. Tazama sasa alivyofanya. Khitilafu hakuzifuta, bali alizitia katika neno moja moja. Akisema «adh-har», msomaji hujua kuwa Imam Shafii ana kauli mbili katika mas-ala hayo na kuwa kauli ya pili ina nguvu. Akisema «mash-hur», hujua kuwa ile ya pili ni dhaifu. Ukurasa mzima wa mabishano umeingia katika neno moja, na haki ya aliyekhalifu haikupotea.

La ajabu zaidi ni hili: katika kupunguza kitabu, Nawawi aliongeza pia. Kulikuwa na mas-ala ambayo hukumu yake yataka kaydi, yaani neno la kuifunga hukumu isipite mpaka wake, na kaydi hiyo haikutajwa katika Muharrari, yeye akaitia. Mtu aliyekuwa akitafuta ufupi hakuona uzito kuongeza maneno pale ambapo hukumu bila ya maneno hayo ingekuwa si kweli. Hiyo ndiyo mizani yetu katika suala hili: maneno mengi hukatika bila ya madhara, lakini kaydi haikatwi, na hoja ya mpinzani haikatwi.

Natuichukue sura moja ya kijana mmoja tuione kazi yenyewe. Sura yake ilikuwa na maneno 12,000, na ilitakiwa ifike 8,000. Mada yake ilikuwa ni tawaruki inayofanywa na mabenki. Kwa asiyejua, tawaruki ni hii: mtu ahitaji pesa taslimu, hununua bidhaa kwa mkopo, kisha huiuza kwa mtu mwengine kwa pesa taslimu pungufu ya bei aliyonunulia. Jamaa yake ni bei ya ina, nayo ni kuwa bidhaa hurejea kwa yule yule aliyeiuza kwanza. Ama mabenki, hufanya hivi: mteja ataka shilingi milioni moja, benki hununua madini au mafuta ya mawese kwa dalali kwa milioni moja, humuuzia mteja kwa 1,150,000 alipe kwa mwaka, mteja huifanya benki wakili wake, benki humuuzia dalali wa pili kwa milioni moja na kumtilia mteja pesa hizo katika hesabu yake. Bidhaa mteja haioni, wala hajui i wapi.

Kabla ya kukata hata neno moja, kijana aliambiwa aandike hoja ya sura yake kwa sentensi tano, bila ya kutazama alichoandika. Zikatoka hizi. Kwanza, Imam Shafii aliisihisha bei ya ina, japokuwa wengi katika waliokuja baada yake wameikirihisha. Pili, sababu yake ni kuwa kila bei yasimama peke yake, na mkataba hauharibiki kwa kushukiwa nia, maadamu bei moja haikushurutizwa ndani ya nyingine. Tatu, tawaruki ya mtu na mtu ina nafasi zaidi kuliko ina, kwa kuwa mnunuzi wa mwisho si muuzaji wa kwanza. Nne, katika tawaruki ya benki, bei mbili na uwakili vimefungwa pamoja katika mkataba mkuu unaotiwa sahihi mwanzo. Tano, basi ruhusa ya Imam Shafii haiifikii tawaruki hiyo.

Kisha akapita kifungu kwa kifungu, na pembeni ya kila kimoja akaandika nambari ya sentensi kinayoitumikia. Hapo mambo yalidhihiri yenyewe. Maneno 2,200 yalikuwa ni tarikhi ya mabenki ya Kiislamu, tangu ile ya Mit Ghamr huko Misri mwaka 1963 mpaka benki ya Dubai ya mwaka 1975. Ni khabari nzuri na za kweli, lakini hazikupata nambari hata moja. Zikabaki 300, kumwonyesha msomaji alipo. Maana ya riba ilichukua maneno 2,100, na mengi yake yalikuwa ni kuthibitisha kuwa riba ni haramu, jambo ambalo hapana katika wasomaji wake anayelipinga. Hayo yakawa 900, yakabaki yale ya riba ambayo hoja yayahitaji. Kwa milango hii miwili tu, maneno 3,100 yaliondoka katika yale 4,000 yaliyotakiwa, na hoja haikuguswa.

Ama maelezo ya namna benki inavyofanya, yalikuwa 1,500 na yakaachwa 1,500. Hukumu ya kitu ni tawi la kukijua kitu chenyewe. Asiyeona bidhaa inavyozunguka hawezi kupima sentensi ya nne.

Mtihani ulikuwa mbele, katika maneno 3,000 ya madhehebu. Kijana alitaka kuiondoa yote kauli ya Imam Shafii juu ya ina, akisema: «Imenipa shida, nami mwisho nasema tawaruki ya benki haifai, ya nini kumtaja aliyeruhusu jamaa yake?» Lau angefanya hivyo, sura ingelisomeka vyema, na ingelikuwa fupi, na ingelikuwa imekufa. Sentensi ya kwanza na ya pili zingelianguka, na iliyobaki isingelikuwa hoja, bali khabari tu kuwa wanachuoni fulani wamekataza. Na Mshafii aliyesoma angelimjibu kwa neno moja: «Imamu wako ameruhusu, mbona umemficha?» Basi kauli ilibaki, na kilichopungua ni majina. Kurasa tatu za nani kasema nini zikawa mistari michache: Wamaliki na Wahanbali wameikataza ina, tawaruki imejuzishwa katika kauli mashuhuri ya Wahanbali, na Ibn Taymiyya ameipinga.

Hatari ya pili ilikuwa ndogo kwa kimo, lakini kubwa kwa madhara. Katika kufupisha, kijana aliandika: «Shafii ameijuzisha bei ya ina.» Maneno «maadamu haikushurutizwa» yalikuwa yameondoka. Ufupi aliopata ni maneno mawili tu, na nguzo ya sura ilikuwa ndiyo hiyo, kwani bila ya kaydi hiyo hapana tofauti baina ya ina ya Imam Shafii na mkataba wa benki, na sentensi ya tano haina pa kusimama.

Vivyo hivyo katika maamuzi ya majumuiya ya fikihi. Jumuiya ya fikihi ya Rabita, iliyoko Makka, iliijuzisha tawaruki mwaka 1998, kisha mwaka 2003 ikaikataza ile inayopangwa na mabenki. Na Jumuiya ya Kimataifa ya Fikihi, ilipokutana Sharja mwaka 2009, iliikataza vile vile tawaruki hii ya kupangwa. Mfupishaji huona uamuzi wa 1998 umepitwa na wakati, akaufuta. Akiufuta, msomaji atadhani kuwa tawaruki yote ni haramu, na kuwa watu hao walibadili rai yao. Nao walikuwa wanazungumzia sura mbili mbali mbali. Miaka miwili hiyo yataka ikae pamoja. Kinachoondoka ni maandiko ya maamuzi yaliyonukuliwa kwa ukamilifu. Hayo hupelekwa katika nyongeza mwisho wa tasnifu, ikiwa chuo hakizihesabu. Ama kuyahamishia katika hashiya chini ya ukurasa, huko si kufupisha, ni kuficha mzigo chini ya kitanda.

Mtu akisema: je, hapana mahali pa kuongeza? Twamjibu: pako, kama alivyofanya Nawawi. Hoja ya wapinzani ilikuwa na maneno 700, nayo iliongezwa ikawa 1,100. Wao husema kuwa benki huandika kila mkataba katika karatasi yake, na Imam Shafii hutazama dhahiri ya mkataba. Na huko Malaysia, nchi ya Mashafii, baraza la sharia la benki kuu limeijuzisha. Kijana alikuwa amewajibu kuwa ada ya mabenki ni kama sharti. Jawabu hiyo haitoshi, kwani kwa Mashafii, katika kauli iliyo sahihi zaidi, ada peke yake haikai mahali pa sharti lililotamkwa. Jawabu yake ya haki iko katika hati: sharti limeandikwa katika mkataba mkuu. Kisha ikabidi aongeze kuwa, penye benki ambayo hati yake haina sharti hilo, hoja hii haiifikii. Sentensi hiyo yaipunguza daawa yake, lakini ndiyo inayoifanya iwe kweli.

Na alama ya kujua kuwa umefupisha wala hukupunja ni hii. Mpe sura iliyokatwa mtu asiyeisoma ile ndefu, mwambie akuandikie hoja yako kwa sentensi tano. Zilinganishe na zako. Ikikosekana moja, umekata mfupa. Zikitimia zote tano, lakini moja imekuja bila ya kaydi yake, hilo ni baya zaidi, maana aliyekosa sentensi ataiuliza, na aliyekosa kaydi hajui kuwa amekosa kitu. Kisha mpe mwenye rai ya kukukhalifu, umuulize: «Je, haya ndiyo usemayo wewe?» Akisema ndiyo, umemtimizia kipimo chake. Akisema siyo, rejea ukakate kwengine. Wallahu aalam.