Jicho Lililofungwa kwa Adui Mmoja: Maadili ya Mtazamo katika Michezo ya Nafsi ya Tatu

Uhakiki wa usimulizi umetuzoesha kutenganisha anayesimulia na anayeona. Utengano huo hujitokeza kwa sura nyingine katika michezo ya video ya mapambano, ile ambayo kamera hukaa nyuma ya mhusika, na anayecheza humwona mhusika wake kwa mgongo. Makala hii inachunguza mbinu moja ya michezo hiyo, ambayo tutaiita kufunga lengo, pamoja na swali la kimaadili linalozaliwa nayo: je, anayechagua kumtazama mmoja apaswa kulipia kile alichochagua kutokiona?

Kwanza tueleze mbinu yenyewe. Katika hali ya kawaida, mwendo wa mhusika hupimwa kwa kamera: kusukuma kijiti mbele ni kumpeleka mhusika mbali na jicho la kamera. Adui akipita ubavuni, mchezaji hulazimika kugeuza kamera, kumgeuza mhusika na kupiga, yote kwa wakati mmoja. Na mshika mbili moja humponyoka. Mchezaji anapobonyeza kitufe cha kufunga lengo, programu huwakusanya maadui walio karibu, kwa kawaida huwaondoa waliozibwa na ukuta, kisha humteua mmoja kwa kuzingatia umbali wake na ukaribu wake na kitovu cha kioo. Tangu hapo mwendo hupimwa kwa adui huyo. Mbele ni kumkaribia, kando ni kumzunguka. Kamera nayo hujipanga nyuma ya mhusika, kwenye mstari unaowaunganisha wawili hao, ili wote waonekane.

Mfano mashuhuri wa mbinu hii ni The Legend of Zelda: Ocarina of Time, mchezo wa kampuni ya Nintendo uliotoka mwaka 1998. Kitufe chake ni Z, na kijimalaika Navi huruka hadi kwa adui aliyeteuliwa ili mchezaji ajue jicho limetua wapi. Watunzi wake wameeleza kwamba walipata wazo hilo walipotazama maonyesho ya mapigano katika bustani ya studio za filamu mjini Kyoto. Huko waliona wapiganaji wakizungukana, na wakatambua kwamba katika uigizaji wa aina hiyo maadui wengi hawamshambulii shujaa kwa pamoja, bali humjia kwa zamu. Kwa hiyo, adui mmoja anapofungwa kuwa lengo, wenzake hupewa ishara ya kungoja. Hapa ndipo mbinu inapogeuka kuwa mkataba. Mchezo unamwahidi mchezaji kwamba asiyetazamwa hatamdhuru. Ni heshima ya jukwaani, na ina utamu wake. Lakini pia ni dunia ambamo kutoona hakuna gharama.

Mkataba huo unavunjwa katika Dark Souls, mchezo wa kampuni ya FromSoftware uliotoka mwaka 2011. Tuchukue pambano lake na Capra Demon. Mchezaji huingia katika ua mwembamba, na papo hapo hujiwa na jitu lenye silaha mbili pamoja na mbwa wawili. Silika humwambia afunge lengo kwa lile jitu, kwa kuwa ndilo kubwa. Akifanya hivyo, kamera humfuata jitu, mbwa humwingilia kutoka pembeni asikoona, pigo lake hukatizwa, na jitu humaliza kazi. Anayefaulu mara nyingi ni yule anayeacha kufunga lengo, akakimbilia ngazi iliyo kando ya ukuta, akawaua mbwa wanapomfuata, ndipo akarudi kwa jitu. Hapa hakuna anayengoja zamu. Kuchagua pa kutazama ni tendo, na tendo lina matokeo.

Hata hivyo, mtu anaweza kutupinga, na pingamizi lake lina uzito. Katika ua uleule, mhusika akirudi nyuma hadi ukutani, kamera hukosa nafasi. Programu huisogeza mbele ili isipenye ukuta, na mgongo wa mhusika hujaza kioo. Mchezaji anakufa bila kuona, ingawa hakuchagua kutoona. Je, naye analipia uchaguzi wake? Tunaona kwamba hapana. Upofu wa kufunga lengo ni wake, kwa sababu kitufe kilichomfunga ndicho kingemfungua. Upofu wa ukuta ni wa mtunzi, aliyejenga ua mdogo kuliko jicho alilompa mchezaji, kisha akamwadhibu.

Msimamo wetu, basi, ni kwamba Dark Souls ina ukweli wa kimaadili ambao Ocarina of Time inaufunika kwa adabu, lakini ukweli huo unasimama tu pale ambapo mchezaji alikuwa na uwezo wa kugeuza macho. Uwajibikaji huanzia hapo, wala hauwezi kuanzia penginepo.