Tenda Wema Nenda Zako: Na Aliyetendewa Je?



Ndugu msomaji, mwaka 2025 bibi yangu alitimiza miaka 80. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa mwaka 1945, tarehe 1 Januari, kama wazee wengi wa kwetu ambao mwaka wao ulikadiriwa na siku ikaandikwa ili nafasi isibaki wazi. Kwa hesabu ya hijria alikuwa ameshapita 82, kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11. Wanazuoni wanazungumza mengi kuhusu kuadhimisha siku ya kuzaliwa, na hilo silo nililokusudia hapa. Familia ilitaka tu kutuma picha yake kwa ndugu walioko Bugarama, Kamembe, Bukavu na Bujumbura, na chini ya picha pawe na maneno machache. Shangazi akasema kazi hiyo nipewe mimi, "kwa sababu yeye anasoma dini."

Maneno hayo yalinichukua siku nne. Sababu ni msemo ambao Bibi anaupenda kuliko yote: tenda wema nenda zako, usingoje shukrani.

Kwake si msemo wa mdomoni tu. Bugarama ni bonde la joto na la mpunga, na familia nyingi zina kipande chao cha shamba. Mavuno yakitoka, Bibi alikuwa anapika wali na kuutuma kwa jirani ambaye shamba lake limeharibika. Tukifika mlangoni tulitakiwa kubisha hodi, kuweka sahani chini na kuondoka kabla mtu hajatoka. Sahani nyingine hazikurudi. Siku moja nilimuuliza kwa nini tusiende kuzichukua, akanijibu: "Mjukuu wangu, ukidai sahani umedai na shukrani."

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo, halafu wajukuu wanataka kumshukuru mbele ya watu mia mbili. Je, tunamuenzi, au tunamharibia kile alichokuwa anakilinda?

Andiko langu la kwanza lilikuwa la kawaida. Nilisema yeye ni mwanamke mcha Mungu kuliko wote, na kwamba Pepo inamsubiri. Nilipolisoma mara ya pili nikakumbuka darasa. Katika Sahihi ya Bukhari kuna habari ya Ummul Alaa, mwanamke wa Kiansari. Uthman bin Madh'un alipofariki nyumbani kwao, alishuhudia kwamba Allah amemkirimu. Mtume (s.a.w.) akamuuliza amejuaje kuwa Allah amemkirimu. Naye Uthman alikuwa Muhajir, miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kusilimu. Ikiwa kwa mtu wa daraja ile ulimi ulizuiwa, mjukuu na simu yake atathubutu vipi kugawa Pepo?

Imam Ghazali, katika Ihyaa, ameihesabu sifa miongoni mwa maradhi ya ulimi, na ametaja hatari zake sita: nne kwa anayesifu na mbili kwa anayesifiwa. Iliyonigusa ni kwamba anayesifu husema asiloweza kulihakikisha. Anatofautisha aina mbili za maneno. Ukisema fulani ni mcha Mungu, au ameipa dunia mgongo, umezungumzia moyo, na moyo wake huujui. Ukisema nimemwona akiswali usiku, au nimemwona akitoa sadaka, umesema ulichokiona. Hadithi iliyopokewa na Abu Bakra (r.a.) inatuelekeza huko huko: Mtume (s.a.w.) alimwambia mtu aliyemsifu mwenzake kuwa amemkata shingo, kisha akafundisha kwamba asiyekuwa na budi kusifu aseme anamdhania hivi, na Allah ndiye mwenye kumhesabu.

Basi nikafuta yale ya moyoni na kuandika niliyoyaona. Nilidhani nimemaliza, kumbe nilikuwa nimeingia katika kosa kubwa zaidi.

Miongoni mwa niliyoyaona ni baba yangu mdogo. Hakuzaliwa na Bibi. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 alikuwa mtoto asiye na mtu, na Bibi, aliyekuwa na miaka karibu 50 na watoto wake mwenyewe, alimchukua na kumlea. Leo ni mtu mzima mwenye mke na watoto. Niliandika jambo hilo katikati ya andiko, kwa neno "yatima", nikaona hapo ndipo uzito wa wema wake unapoonekana.

Jioni nikamsomea Bibi, kwa kuwa macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Alisikiliza kimya mpaka nilipofika hapo. Akauliza, "Na yeye atasoma?"

Nikasema, "Ndiyo Bibi, yumo kwenye kundi la familia."

"Na watoto wake?"

Sikuwa na jibu. Akasema, "Toa. Yule si sadaka yangu, ni mwanangu."

Usiku ule nilirudi kwenye aya ya 264 ya Suratul Baqara, ninayoijua kwa moyo tangu madrasa. Allah (s.w.) anawakataza walioamini wasizibatilishe sadaka zao kwa masimango na maudhi. Siku zote niliisoma aya hiyo kama onyo kwa mtoaji: usimkumbushe uliyempa. Sikuwahi kufikiri kwamba masimango yanaweza kufanywa na mtu mwingine kwa niaba ya mtoaji, tena kwa mapenzi. Bibi alikaa miaka 31 bila kumkumbusha mtoto yule kwamba alichukuliwa. Mimi nilitaka kumkumbusha kwa sentensi moja, mbele ya mkewe, watoto wake na ndugu wa nchi tatu. Sifa ingekwenda kwa Bibi, na gharama angeilipa yeye.

Unaweza kusema, ndugu msomaji, kwamba wema ukifichwa watu hawajifunzi. Ni hoja yenye nguvu, hasa katika nchi yetu, ambako ni haki watoto wajue kwamba kulikuwa na watu waliofungua milango. Na Qur'ani, katika aya ya 271 ya sura hiyo hiyo, haikukataza kudhihirisha sadaka. Imesema kudhihirisha ni vizuri, na kuificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi. Lakini habari ya mema kama haya ina watu wawili ndani yake. Mtoaji akiruhusu isemwe, bado yupo wa pili, na yeye ndiye anayevuliwa nguo mbele ya watu. Hapa hata mtoaji alikataa. Habari ile ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe si mimi.

Nikampigia simu baba mdogo nikamweleza nilichoandika na kwamba nimekifuta. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hilo nitalisema mimi, siku nitakayotaka." Sikuona hasira katika sauti yake, ila niliona aibu yangu.

Je, tusiseme lolote basi? Kama usingoje shukrani ndiyo kanuni, kimya ndicho kingekuwa heshima yake. Hapa ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nauelewa msemo vibaya. Tenda wema nenda zako ni maneno anayoambiwa mtendaji. Aliyetendewa hajaambiwa aende zake. Katika Suratul Insaan wale waja wema wanalisha chakula na kusema hawataki malipo wala shukrani. Haya ni maneno ya wanaolisha, si ya wanaokula. Kwa anayekula ipo Hadithi nyingine, katika Abu Daud na Tirmidhi, kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Allah. Na katika Abu Daud imekuja pia kwamba anayekufanyieni wema mlipeni, na msipopata cha kumlipa mwombeeni mpaka mwone mmemlipa.

Kwa hiyo tendo ni moja na daftari ni mbili. Katika daftari la mtendaji, wema unafutwa. Katika daftari la mtendewa, wema unaandikwa. Ubaya huingia watu wanapobadilishana madaftari: mtoaji akakumbuka na mpokeaji akasahau. Kwetu Bugarama tunakua na lugha zaidi ya moja, na kila daftari lina msemo wake. Waswahili wamemwambia mtendaji aende zake. Kinyarwanda kina msemo, ineza yiturwa indi, yaani wema hulipwa kwa wema mwingine, na huo unamfaa zaidi aliyepokea. Nilikuwa nikidhani misemo hii miwili inapingana, kumbe kila mmoja una msikilizaji wake.

Iko habari ya Bibi Aisha (r.a.) ambayo wanazuoni huitaja katika mlango huu. Akituma sadaka, alimwagiza mjumbe asikilize dua watakayomwombea, ili naye awaombee mfano wake, na malipo yake yabaki kwa Allah. Nilipoisoma nilimkumbuka Bibi. Ukimwambia "Allah akulipe kheri", hakuachi umalize vizuri. Anakujibu papo hapo, "Nawe akulipe, nawe akulipe," mara mbili, kama mtu anayerudisha chenji. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni tabia ya wazee tu.

Basi andiko la mwisho likawa hili:

"Bibi yetu ametimiza miaka 80. Ametufundisha: tenda wema nenda zako. Tumemwona akiweka sahani mlangoni na kuondoka. Yeye alikwenda zake, sisi tuliokula hatujasahau. Tunamdhania kuwa ni miongoni mwa waja wema, na Allah ndiye anayemjua. Kila aliyewahi kupata kitu mkononi mwake, na amwombee dua kimyakimya."

Nilimsomea tena. Alitaka neno moja tu libadilishwe. Aliniambia niweke "tulimwona" badala ya "tumemwona", kwa sababu siku hizi miguu haimfikishi mlangoni kwa mtu, na hataki watu wadhani bado anaweza. Nikabadilisha.

Picha ilipotumwa, majibu yalikuwa mengi, na wengi waliandika habari zao wenyewe za sahani ambazo mimi sikuzijua. Waliziandika wenyewe, kwa kadiri walivyotaka. Baba mdogo alichelewa mpaka baada ya Isha. Aliandika maneno mawili: "Mama yangu." Nilimsomea Bibi. Akanyamaza, kisha akasema, "Nawe akulipe, nawe akulipe," ingawa katika maneno yale hapakuwa na dua yoyote.

Wallahu a'lam.