Ijibu Hoja, Usimjibu Mtu

Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliwaruhusu wasichana Waislamu wa shule ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, wavae hijabu pamoja na sare. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo kwa kasoro ya utaratibu, bila kuliamua swali lenyewe. Swali hilo likizuka darasani Kisauni au Likoni, ambako Mwislamu na Mkristo huketi dawati moja, linahitaji kanuni za mjadala. Ya kwanza: kabla ya kupinga, rudia hoja ya mwenzako mpaka akiri kwamba ndivyo alivyosema. Anayetetea sare aseme, "Kwako stara ni ibada, si pambo." Anayetetea hijabu naye aseme, "Unahofia sare ikilegezwa kwa mmoja, wengine wataona wamebaguliwa." Hapo ndipo mjadala hasa unapoanza. Ya pili: pima kanuni ya shule, usiguse dini wala ukoo wa mtu.

Yupo atakayesema kwamba haya yanapoteza muda, na kwamba haki haijadiliwi. Muda unakwenda, kweli. Lakini ubishi usio na usikivu haumaliziki. Na kusikiliza si kukubali: mwanafunzi aweza kuirudia hoja sawasawa kisha akaikataa katakata. Kinachokatazwa ni kupinga jambo ambalo mwenzake hakulisema. Mwalimu naye asitangulize msimamo wake, maana darasa litamfuata yeye badala ya kufuata sababu. Basi leo, kabla hujamjibu mwenzako, hakikisha umemsikia.